Barua ya idhini ya kuvusha gari la kampuni Malaba: kwa nini hatunakili kichwa cha barua, na njia ya kuipata iliyo halali

Ombi huja hivi. Dereva amefika dirisha la forodha na pikapu ya kampuni, ameulizwa barua ya mwenye gari inayomruhusu kulitoa nje ya Uganda, hana, amerudishwa. Anaingia duka la uchapaji na risiti ya zamani ya kampuni, au picha ya barua nyingine kwenye simu, na kusema: “Nichukulie hiki kichwa cha juu chenye nembo, chini yake niandikie kwamba kampuni imeniruhusu kwenda Eldoret kuchukua pampu. Bosi anajua.”

Jibu la duka letu la uchapaji ni hapana. Kwa kawaida jibu hilo linamkasirisha, kwa sababu safari yake ni ya kweli, pampu ni ya kweli, na pengine bosi anajua kweli. Mwongozo huu ni wa dereva huyo, na wa karani wa kampuni ambaye ataombwa barua. Nitaeleza kwanza kwa nini tunakataa, kisha nitapita naye hatua kwa hatua mpaka apate barua ambayo afisa akiipigia simu, kuna mtu wa kuitikia.

Kwa nini tunakataa

Barua yenye kichwa cha kampuni inasema jambo moja kabla hujasoma mstari wa kwanza: maneno haya yametoka kwa kampuni. Dereva akiyatunga yeye, mchapaji akayaweka chini ya nembo iliyokatwa kwenye risiti, jambo hilo la kwanza ni uongo hata kama kila mstari unaofuata ni kweli. Afisa hakuomba kuambiwa kwamba pampu iko Eldoret. Aliomba neno la mwenye gari, na hilo ndilo ambalo karatasi hiyo haina.

Sheria ya Adhabu ya Uganda inaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au ya kudanganya. Liangalie lile neno la pili. Wengi hufikiri kwamba bila kuiba pesa hakuna kosa, lakini kumfanya afisa aamini kwamba kampuni imeandika, wakati haikuandika, ni kudanganya. Sheria hiyo hiyo inahesabu kuwa hati ya uongo ile inayojionyesha kuwa kitu ambacho sicho, ile iliyobadilishwa bila mamlaka, na ile iliyotiwa saini kwa jina la mtu bila idhini yake. Adhabu ya kawaida ya kughushi inafika kifungo cha miaka 3. Hati ikiwa ni ya serikali au ya mahakama, inafika miaka 10. Anayeitoa hati hiyo dirishani akijua si ya kweli anatenda kosa pia, hata kama hakuichapa yeye, na aliyemsaidia kuitengeneza anahesabiwa mkosaji pamoja naye. Ndiyo maana mchapaji hawezi kujitoa kwa kusema, “Mimi nilichapa tu nilichoambiwa.”

Kipengele cha hati iliyobadilishwa kinawanasa watu wengi wasiojua. Dereva ana barua halisi ya mwezi uliopita, yenye saini halisi na muhuri halisi, na anaomba tarehe tu ibadilishwe, au Busia ifutwe iandikwe Malaba. Anaona ni kazi ndogo kuliko kutunga barua mpya. Kisheria iko kundi moja na ile ya kwanza, kwa sababu mkurugenzi alitia saini safari ya Busia ya mwezi uliopita, na hakutia saini nyingine.

Sasa, “bosi anajua.” Tuseme anajua, na amesema kwa simu, “Nenda.” Hiyo ni ruhusa ya safari. Si ruhusa ya mtu mwingine kuandika kwa jina la kampuni na kuweka saini inayofanana na yake. Kama kweli anajua na yuko kwenye simu, basi barua ya kweli iko karibu sana, na hapo ndipo ninapomrudisha kila dereva: mpigie tena, mwambie akuandikie. Asipokubali kuandika kile alichokubali kusema, dereva, jiulize mwenyewe unalivusha gari hilo kwa dhamana ya nani.

Na dhamana hiyo ndiyo inayonifanya nikatae hata ningekuwa na hakika kwamba hakuna polisi atakayekuja. Fikiri linavyokwenda likiharibika. Pikapu inasimamishwa Webuye. Askari anaitazama barua, ana shaka, anatafuta namba ya kampuni na kupiga. Anayepokea ni mhasibu, au mkurugenzi mwingine asiyejua habari za pampu, na anasema ukweli wake: “Sisi hatukuandika barua hiyo.” Kuanzia hapo dereva aliyetumwa kihalali anaonekana mwizi wa gari mwenye karatasi ya kughushi, katika nchi ambayo si yake, na gari linabaki kituoni. Ajali nayo ina lake. Bima nyingi za magari humkinga dereva anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye bima, na ruhusa ya kughushi inaipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa. Anayeumia zaidi ni dereva, naye ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote katika habari hii.

Kuna kazi ambazo duka litakufanyia bila tatizo, na ni nyingi. Tutakuandikia rasimu kwenye karatasi tupu, isiyo na nembo wala saini, uitume kwa kampuni waitazame. Tutakupigia picha logibuku kwa skana na kuituma. Tutakuchapia barua ambayo kampuni yenyewe imeituma. Hata kichwa cha barua tutakitengeneza, mwenye kampuni akija mwenyewe au akituma agizo kutoka anwani ya kampuni. Huko Kampala, Barabara ya Nasser, maduka ya uchapaji yamebanana, na polisi wamevamia huko mara nyingi wakitafuta vyeti na mihuri ya bandia. Wachapaji waaminifu wa mtaa ule wanajua thamani ya kumuuliza mteja swali hilo moja: wewe na kampuni hii mna uhusiano gani, na nani amekutuma?

Sasa tuitafute barua ya kweli. Mfano wetu ni huu: kampuni ndogo ya kuchimba visima iliyoko Mbale, pikapu moja, dereva aliyeajiriwa, pampu ya kuchukuliwa Eldoret, kurudi baada ya siku mbili. Saa ni nne asubuhi, dereva ameshafika Malaba.

Hatua ya kwanza: soma logibuku, jina la mwenye gari

Kabla ya kumpigia mtu yeyote, fungua logibuku na usome jina lililoandikwa kama mwenye gari. Barua inayofaa ni ya mtu au kampuni yenye jina hilo, na si ya yule anayekulipa mshahara. Hapa ndipo muda mwingi unapopotea, maana madereva wengi hupata barua nzuri kabisa kutoka kwa asiyehusika.

Mara nyingi utakuta jina la kampuni, na kazi inakuwa nyepesi. Lakini kampuni ndogo nyingi hutumia gari lililoandikishwa kwa jina la mkurugenzi kama mtu binafsi. Ikiwa hivyo, anayeruhusu ni yeye binafsi. Anaandika kwa jina lake, anaambatisha nakala ya kitambulisho chake, na karatasi yenye nembo ya kampuni haihitajiki kabisa. Nimeona watu wakihangaika kutafuta kichwa cha barua ambacho hakingewasaidia chochote.

Ukikuta jina la mtu aliyeliuza gari zamani na uhamisho haukukamilishwa, yeye ndiye mwenye gari kwenye kumbukumbu, na barua itabidi itoke kwake ikiambatana na mkataba wa mauziano. Akiwa hapatikani, safari hiyo isubiri uhamisho. Hakuna karatasi ya duka itakayoziba pengo hilo.

Ukikuta jina la benki pamoja na la kampuni, gari limenunuliwa kwa mkopo, na kwa kawaida logibuku halisi iko benki, wewe una nakala tu. Hapo zinahitajika barua mbili: ya kampuni, na ya benki inayosema haina pingamizi gari litoke nchini kwa siku zilizotajwa. Ya benki haipatikani kwa saa moja. Kampuni yenye gari la mkopo iiombe kabla gari halijatoka Mbale.

Katika mfano wetu logibuku ina jina la kampuni peke yake.

Hatua ya pili: jua ni nani anaweza kuisemea kampuni

Kampuni haina mkono wa kushika kalamu, kwa hiyo mtu huiandikia. Anayefaa ni mkurugenzi au katibu wa kampuni aliyeandikishwa, au meneja aliyepewa mamlaka hayo na wakurugenzi kwa maandishi. Ndugu wa mkurugenzi anayekaa dukani siku nzima hafai, hata kama wote mnamwita bosi. Mke au mume wa mkurugenzi hafai pia, isipokuwa naye ameandikishwa.

Kama hujui wakurugenzi ni akina nani, uliza ofisini kwenu waangalie fomu ya wakurugenzi waliyoipeleka Ofisi ya Usajili ya Uganda, ile inayoitwa URSB. Mtu wa nje naye anaweza kuomba upekuzi wa kampuni kwa kulipia, kupitia obrs.ursb.go.ug. Mkumbuke pia kwamba biashara nyingi zinazojiita kampuni zimeandikishwa kama jina la biashara tu. Hizo hazina wakurugenzi. Mwenye jina la biashara ndiye anayetia saini, na logibuku yake mara nyingi itakuwa na jina lake.

Hatua ya tatu: omba barua kwa ujumbe uliokamilika

Hii ndiyo hatua inayoamua kama utavuka leo au kesho. Dereva wengi hutuma ujumbe wa maneno matano, “Madamu tuma barua ya gari,” na karani wa Mbale hana namba ya chesi, hajui mpaka gani, hajui tarehe. Anapiga, simu haishiki, mchana unapita. Tuma kila kitu mara moja, pamoja na picha za logibuku, leseni ya udereva na kitambulisho:

“Shikamoo Madamu. Niko Malaba na pikapu. Forodha wanahitaji barua ya kampuni ya kuniruhusu kulivusha gari. Naomba itiwe saini na mkurugenzi, ipigwe muhuri, itumwe kwa barua pepe ya kampuni kwenda anwani hii ya duka: ____. Gari: namba ____, chesi ____, injini ____, aina na rangi ____. Mimi: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho ____, namba ya kitambulisho ____, leseni ____. Natokea Malaba au Busia, naenda Eldoret, nachukua pampu, narudi tarehe ____. Simu ya atakayetia saini iwe wazi siku zote hizo, wanaweza kupiga.”

Mambo mawili hapo yanahitaji maelezo. La kwanza ni namba ya chesi. Bamba la namba linaweza kufunguliwa na kufungwa kwenye gari jingine, ndiyo maana afisa makini huinama kusoma chesi. Barua yenye bamba tu inaweza kupita, na inaweza kukuchelewesha. La pili ni kitambulisho. Mganda anaweza kuingia Kenya na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini Tanzania atahitaji pasipoti au hati ya safari. Barua itaje namba ya hati ile ile utakayoionyesha dirishani, na jina kwa mpangilio ule ule. Barua yenye jina la ubatizo na kitambulisho chenye jina la ukoo mbele vimewarudisha watu waliokuwa na haki zote.

Hatua ya nne: kampuni iandike

Sehemu hii ni ya karani wa Mbale. Kichwa cha barua mnacho kwenye kompyuta yenu, au karatasi zilizochapwa ziko kabatini. Jina la kampuni liwe kamili kama lilivyoandikishwa, pamoja na neno la mwisho, liwe Limited au SMC Limited, kwa sababu afisa atalilinganisha na logibuku herufi kwa herufi. Wengi huandika barua hizi kwa Kiingereza, na hakuna ubaya. Kwa Kiswahili inasomeka pande zote mbili za mpaka. Kiini chake ni hiki:

Kumb. Na.: ____
Tarehe: ____
KWA YEYOTE ANAYEHUSIKA
YAH: IDHINI YA KUTOA GARI NAMBA ____ NJE YA UGANDA KWA MUDA

Kampuni yetu ndiyo mmiliki wa gari lililotajwa, aina ya ____, rangi ____, chesi namba ____, injini namba ____.

Tumemruhusu mfanyakazi wetu ____, mwenye kitambulisho namba ____ na leseni ya udereva namba ____, kuliendesha gari hili kutoka Uganda kuingia Kenya kupitia mpaka wa Malaba au Busia, kwenda Eldoret na kurudi, kwa ajili ya kuchukua vifaa vya kampuni.

Idhini hii inaanza tarehe ____ na kwisha tarehe ____. Haimruhusu kuuza gari, kulikodisha wala kumkabidhi mtu mwingine.

Kwa uthibitisho, piga simu ____.

Saini, jina kamili, cheo, muhuri wa kampuni

Tumeandika “kwa yeyote anayehusika” kwa makusudi. Barua iliyoelekezwa kwa afisa wa forodha wa Malaba peke yake itafanya kazi Malaba, na askari wa barabarani kule ndani atauliza inamhusu vipi. Mipaka miwili imetajwa kwa sababu foleni ya malori Malaba ikiwa ndefu dereva anaweza kushuka Busia. Na ongezeni siku mbili tatu juu ya tarehe ya kurudi. Pampu ikichelewa dukani Eldoret, dereva asijikute na barua iliyokwisha.

Namba ya kumbukumbu si pambo. Iandikeni kwenye daftari la barua zinazotoka, mweke nakala kwenye faili, na mwambieni anayepokea simu za ofisi kwamba barua hii ipo na dereva huyu yuko njiani. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo linalomwokoa dereva, kwa sababu barua halisi inaweza kuonekana ya kughushi ikiwa mpokea simu hajui habari zake. Simu iliyoandikwa iwe ya mtu atakayepokea hata usiku.

Kuhusu saini: mkurugenzi aliye mbali anaweza kutia saini kwenye karatasi, akaipiga picha kwa skana na kuituma. Anaweza pia kuweka saini yake ya kielektroniki mwenyewe, kwa kuwa Uganda ina Sheria ya Saini za Kielektroniki ya 2011. Asichoweza karani kufanya ni kuchukua picha ya saini ya bosi iliyohifadhiwa kwenye kompyuta na kuibandika bila kumuuliza. Kuwa mfanyakazi wa kampuni hakumpi karani mamlaka hayo. Amuulize kwa ujumbe, apate jibu la maandishi lenye namba ya gari na tarehe, alihifadhi pamoja na nakala.

Hatua ya tano: chapa, kagua, vuka

Barua ikifika, ije kwenye barua pepe ya duka moja kwa moja kutoka kwa kampuni, ikiwa PDF. Picha ya WhatsApp iliyopigwa kwa simu ina kivuli na muhuri wake hauonekani vizuri, na kila ikitumwa upya inazidi kufifia. Tukiichapa, tunachapa pia ule ujumbe wa barua pepe ulioileta, wenye anwani ya mtumaji, tarehe na saa. Kwa afisa mwenye shaka, karatasi hiyo ya pili inasaidia sana, kwa maana inaonyesha njia ambayo barua ilipitia.

Usiondoke kaunta kabla hujaisoma na logibuku mkononi. Chesi, soma namba moja moja kwa sauti. Jina lako. Tarehe. Ukikuta kosa, hata herufi moja, usilirekebishe kwa kalamu wala usiniombe nilirekebishe kwenye kompyuta. Kampuni itume nyingine. Najua inauma kusikia hivyo gari likiwa linasubiri nje, lakini marekebisho ya mkono wako kwenye barua ya mkurugenzi yanaigeuza barua halali kuwa hati iliyobadilishwa bila mamlaka.

Kisha nenda dirishani. Malaba na Busia ni vituo vya pamoja vya mpakani, kwa hiyo ukitoka Uganda unahudumiwa upande wa Kenya, maafisa wa nchi zote mbili wakiwa jengo moja. Toa barua pamoja na logibuku au nakala yake, kitambulisho, leseni, na kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari inayotambulika nje ya nchi. Omba kibali cha muda cha gari na uangalie siku ulizopewa, maana kibali cha forodha na barua ya kampuni kila kimoja kina tarehe yake, na unabanwa na ile inayokwisha mapema. Katika mfano wetu, dereva aliyetuma ujumbe kamili saa nne, na mkurugenzi akiwa ofisini, ana kila sababu ya kuwa dirishani tena mchana huo huo.

Mahali njia inapokwama

Mkurugenzi pekee yuko nje ya nchi na hapatikani. Hapa hakuna barua halali leo, na ni bora kulisema wazi. Gari libaki Malaba mahali salama, au lirudi Mbale, na pampu isafirishwe na msafirishaji mwingine hadi mpakani. Kwa siku zijazo, kampuni yenye mkurugenzi anayesafiri ipitishe azimio la maandishi linalompa meneja mamlaka ya kutoa barua za magari, na nakala ya azimio hilo iambatane na kila barua anayotia saini. Mkurugenzi akiondoka kwa miezi mingi na mambo ni mengi zaidi ya gari, wakili awaandalie hati ya uwakilishi, iandikishwe URSB.

Kampuni haina kichwa cha barua kilichochapwa. Hilo si kizuizi. Kampuni yenyewe inaweza kuandika jina lake kamili, namba ya usajili, anwani na simu juu ya karatasi nyeupe, mkurugenzi akatia saini na muhuri. Thamani ya barua inatokana na aliyeiandika na kuitia saini, na karatasi nyeupe iliyotiwa saini na mkurugenzi ina nguvu kuliko nembo ya rangi tatu ambayo hakuna mwenye kampuni aliyeiona.

Mtu anajitolea kukupeleka kwa wakili “akugongee muhuri.” Muhuri wa kamishna wa viapo unathibitisha kiapo cha mtu aliyefika mbele yake. Unaweza kuapa kwamba wewe ni mfanyakazi na umetumwa, na hicho kitakuwa kiapo chako wewe. Hakigeuki kuwa neno la mwenye gari, na barua ya kutungwa ikigongwa muhuri juu yake inabaki ya kutungwa.

Kampuni inakataa kuandika, au inakuzungusha. Usivuke. Waambie kwa ujumbe ulioandikwa kwamba umezuiwa kwa kukosa barua na unasubiri maelekezo, ili siku ya kukatwa mshahara kwa kuchelewa uwe na kitu cha kuonyesha.

Ukiwa dereva unayevuka mara kwa mara, omba barua ya muda mrefu badala ya kuomba kila safari. Mkurugenzi anaweza kukuidhinisha kwa miezi 3 au 6, akitaja gari, dereva, nchi na mipaka, na kuweka masharti yake. Weka nakala ndani ya gari na halisi ofisini au kinyume chake, kadiri kampuni inavyoona. Barua hiyo irudishwe siku unapoacha kazi, na kampuni iandike kwenye faili kwamba imefutwa. Karani atakayepigiwa simu baada ya hapo ataweza kujibu bila kusita.